Nyumba ya Mlango wa Nne

“Shangazi, ukiambiwa uchague, upate hela zako zote na yeye acheke, au upate nusu na yeye alie, unachukua ipi?”

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, darasa la nne, amepiga magoti kwenye kiti cha jikoni, na daftari la hesabu liko wazi mbele yake. Watu wazima wa nyumba ile walikuwa wamezungumza kuhusu kesi tangu chai ya asubuhi, na mtoto hana pamba masikioni. Shangazi yake alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikasimama. Akamtazama mtoto, akayatazama maji ya vitunguu yakimtiririka vidoleni, kisha akasema, “Maliza hesabu zako.”

Hilo halikuwa jibu, na mtoto alijua halikuwa jibu.

Mtaani shangazi huyo walimwita Bi Ganzi. Alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno, miaka nenda miaka rudi, nyuma ya kaunta yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ndiye aliyeandika kadi, aliyepanga foleni, aliyewaambia watu wazima wenye suti wazime simu zao. Lakini jina halikutokana na kliniki peke yake. Walisema akikusema leo husikii kitu, unaaga vizuri, unacheka naye, unakwenda zako. Maumivu yanakuja ukishafika nyumbani.

Mumewe wa zamani walimwita Vigae, kwa sababu aliuza vigae. Alikuwa na duka kubwa lenye sakafu inayong’aa hata ukaona meno yako ndani yake. Wawili hao walijenga nyumba moja pamoja, tofali kwa tofali. Alipopata mwanamke mwingine, Vigae hakumfukuza kwa mdomo. Alimngoja Bi Ganzi aende kazini, akapakia nguo zake, sufuria zake na picha ya mama yake kwenye maboksi ya vigae, akayatuma kwa gari la duka hadi kwa kaka yake. Bi Ganzi alirudi kutoka kazini akakuta kila boksi limeandikwa: SHIKA KWA UANGALIFU, HUVUNJIKA.

“Angalau kaandika,” kaka yake alisema, akijaribu mzaha.

Bi Ganzi hakucheka. Alihamia chumba cha nyuma, kile chenye bati bila dari, kinachochemka mchana na kutoa sauti kama mtu anayepasua mifupa jua likizama. Mwenye kovu usidhani kapoa. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala, na kila siku alikuwa na neno moja tu la kumtakia Vigae, neno ambalo kaka yake alimkataza kulisema mbele ya watoto.

Mahakama ilivunja ndoa na kuamua kuhusu nyumba. Nusu kwa nusu. Mthamini angeteuliwa na pande zote mbili na kulipwa na pande zote mbili, aseme nyumba ina thamani gani sokoni. Vigae, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiishi humo na ndiye aliyeomba kubaki nayo, angepewa nafasi ya kwanza kuinunua nusu ya mwenzake. Akishindwa ndani ya muda atakaopewa, nyumba iuzwe kwa yeyote, wagawane.

Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya namba moja. Namba ikiwa kubwa, Bi Ganzi ananunua nyumba yake mwenyewe, ndogo, lakini yenye dari. Ikiwa ndogo, anabaki chumba cha nyuma, na Vigae anachukua nyumba nzima kwa bei ya kutupa.

Ripoti ilikuja katika bahasha ya kaki. Ilisema milioni tisini.

“Tisini?” kaka yake alirudia. “Tisini ni bei ya ukuta na geti.”

Bi Ganzi alikunja ripoti mara mbili, akaiweka chini ya mto. Nusu yake ilikuwa arobaini na tano. Kwa hela hiyo, kwenye mji ule, ungepata kiwanja mbali sana, kule ambako hata nguzo za umeme zilikuwa bado zimelala chini. Alijua Vigae alipiga hesabu hiyo hiyo akiwa ameketi sebuleni, kwenye sofa ambalo yeye ndiye aliyelichagua.

Asubuhi alianza vita kwa njia ambayo wengi wangeianza, nayo ilikuwa ya makosa. Alipita mtaa wote akisoma mabango ya INAUZWA. Alipiga simu kwa madalali. Huyu alimwambia mia mbili, yule akasema mia na themanini, mwingine akaapa kwa kaburi la babu yake kwamba nyumba kama ile haishuki mia mbili na kumi. Aliziandika zote na kuzipeleka ofisini kwa mthamini, akitembea kama mtu aliyemkamata mwizi kwa shati.

Mthamini alikuwa kijana mpole, mwenye tai iliyolegea na bilauri ya chai iliyopoa. Alisoma karatasi yake yote. Hakumcheka. Hilo lilimuudhi zaidi, maana alikuwa amejiandaa kwa kejeli.

“Mama,” alisema, “hizi ni bei za kuomba. Mtu anaweza kuomba lolote. Mimi natafuta bei iliyolipwa.”

“Kwani hizo nyumba tatu za kwenye ripoti yako zililipwa?”

“Zote tatu. Nyumba za kulinganisha, hizi hapa.” Alifungua ripoti ukurasa wa katikati, akaigeuza upande wa Bi Ganzi aone. “Lazima iwe imeuzwa kweli. Iwe karibu na ya kwenu, iwe ya siku za karibuni, iwe inafanana kwa ukubwa na hali. Na walionunua na kuuza wawe watu baki, kila mmoja kwa hiari yake, hakuna aliyeshikwa shingo. Ukiniletea mauzo ya namna hiyo ambayo sikuyaona, nitayatazama. Huo ndio utaratibu. Una muda wa kupinga kwa maandishi.”

“Na hizi za kwako, umezipata wapi?”

“Ofisi ya ardhi. Kwenye hati za uhamisho wa umiliki.”

Bi Ganzi alivaa miwani. Nyumba ya kwanza ilikuwa mtaa ule ule, mageti manne kutoka nyumba ile ya kesi, mlango wa nne. Aliijua vizuri mno. Ndiyo Vigae aliyomnunulia mke mpya. Bei kwenye hati: milioni themanini.

Hapo ndipo alipouma ulimi. Maana siku moja ya ugomvi wao wa mwisho, Vigae akiwa amesimama mlangoni na funguo zikining’inia kidoleni, alimwambia kwa mdomo wake: “Nyumba ya mwenzio nimetoa mia na hamsini, taslimu. Wewe hata mia hujawahi kuziona zikiwa zimekaa pamoja.” Maneno hayo hakuyasahau. Aliyahifadhi kama mtu anavyohifadhi jino lililong’olewa.

Alimshukuru mthamini, akaaga, akatoka.

Simu ililia akiwa ngazini. Vigae. Habari mjini haina miguu lakini inafika.

“Nasikia umekuwa dalali,” alisema. “Umezunguka na mabango. Ukipata mteja wa vigae nikumbuke.”

“Nitakukumbuka,” Bi Ganzi alisema. “Usiwe na wasiwasi kabisa.”

* * *

Wakili wake alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, hata ukataka kumsogelea umsikie, na huenda ndiyo sababu aliongea hivyo. Alisikiliza habari ya themanini na mia na hamsini, akatikisa kichwa taratibu, bila mshangao.

“Mtaa mzima hufanya hivyo,” alisema. “Wanalipana bei moja, wanaandika nyingine. Ushuru wa uhamisho unakatwa kwa bei iliyoandikwa, basi wanaandika nusu. Muuzaji anafurahi, mnunuzi anafurahi. Mthamini alipaswa kuuliza wahusika badala ya kuiamini hati peke yake. Hapo ndipo alipoteleza.”

“Basi twende tukamchome. Leo. Ofisi ya kodi wanafungua mpaka saa ngapi?”

“Dada.”

“Nataka nimwone akiandika maelezo.”

“Nakuelewa. Ila ukimchoma leo, kesi ya kodi itakwenda miaka, na nyumba yako itabaki tisini. Kisasi kiweke kwenye mkoba. Mezani tuweke mauzo.”

Bi Ganzi alifikiri. Alipenda sana sehemu ile ya mkoba. Kukiweka si kukitupa.

“Nyumba mbili nyingine,” wakili aliendelea, akipitisha kalamu. “Hii, muuzaji na mnunuzi wana jina la ukoo mmoja. Kaka kamuuzia dada. Bei ya undugu hiyo, si ya soko. Na hii ya tatu iliuzwa kwenye mnada wa benki, mwenyewe alishindwa mkopo. Mtu aliyeshikwa shingo. Mthamini mwenyewe amekwambia hazifai, kwa maneno yake.”

“Sasa sisi tutapata wapi zilizo sawa, kama wote wanaandika uongo?”

Wakili akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Nani hawezi kuandika uongo? Aliyenunua kwa mkopo. Benki haimkopeshi mtu hela ya nyumba ya mia na hamsini kwa mkataba wa themanini. Tafuta walionunua kwa mkopo wa benki, mwaka huu au uliopita, mitaa ya jirani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mwenye mkopo ni ndefu, na ina stakabadhi.”

Basi Bi Ganzi alirudi kwenye kaunta yake. Na hapo ndipo penye utamu, maana hakuna mahali pa kusikia habari za mtaa kama benchi la kliniki ya meno. Watu wana hofu, na mtu mwenye hofu huongea. Alianza kuuliza taratibu, kama anayeuliza hali ya hewa. Nyumba ya rubani mstaafu imechukuliwa na nani? Ah, na wale wawili wanaofanya kazi bandari ya nchi kavu, mtu na mkewe. Kwa mkopo? Kwa mkopo, mama, wanakatwa mishahara mpaka wanaota kalenda. Akawafuata, akawaeleza shida yake bila kuficha. Mke alisikia habari ya maboksi ya vigae, akaingia ndani, akarudi na nakala ya mkataba kabla mumewe hajamaliza kusema “ngoja kwanza.”

Aliyekuwa mgumu ni daktari wa meno mwenyewe. Bosi wake. Kumbe naye alinunua mwaka uliopita, mtaa wa pili, kwa mkopo.

“Siwezi,” alisema, akivua glavu. Chumba kilinuka mafuta ya karafuu. “Ukijua bei ya nyumba yangu, mwisho wa mwezi utaniuliza kuhusu mshahara.”

“Hilo nitakuuliza hata nisipojua.”

“Unaona sasa.”

“Daktari, ni wangapi umewang’oa meno huku mimi nikiwashika mkono ili wasikuume?”

Mgonjwa kwenye kiti, mdomo wazi na pamba ndani, alitoa sauti ya kukubali. Daktari alimtazama mgonjwa, akamtazama mpokezi wake, akashusha pumzi. Nakala ilikuja kesho yake katika bahasha iliyofungwa kwa gundi ya kutosha kubandika mlango.

Bi Ganzi alileta na ya tatu, ya pembeni mwa barabara kuu, mia na tisini, aliyoipenda kuliko zote. Pingamizi likaandikwa. Msuluhishi wa mahakama akapanga siku ya kuwakutanisha wote, mthamini akiwepo.

* * *

Chumba cha usuluhishi kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na feni iliyozunguka kama inalipwa kwa saa. Msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alikaa kichwani mwa meza. Upande mmoja Vigae na wakili wake, na nyuma yao, kwenye kiti cha ukutani, mke mpya, aliyekuja kushuhudia ushindi. Upande wa pili Bi Ganzi, na wakili wake mwenye sauti ndogo. Mthamini alikaa katikati, tai imekazwa leo.

Walianza na ile ya undugu. Mthamini aliangalia majina, akakuna shavu. “Hii sikuigundua,” alisema. “Naiondoa.” Ya mnada, alisema aliijua, na alikuwa ameipandisha kidogo kufidia hali hiyo, lakini alikubali kwamba kukiwa na mauzo ya kawaida ya kutosha, haina haja ya kuwepo. Alisema haya bila kinyongo. Bi Ganzi alianza kumpenda, jambo lililomkera, maana alikuwa amekuja kuchukia watu watatu na sasa wamebaki wawili.

“Inabaki ya mlango wa nne,” alisema wakili wa Vigae, kwa furaha. “Mtaa ule ule. Ukubwa karibu sawa. Hii ndiyo bora kuliko zote, na ni themanini. Kwa kweli tisini ilikuwa huruma.”

Wakili wa Bi Ganzi akafungua mdomo. Bi Ganzi akamgusa mkono.

“Naomba nimuulize mwenye nyumba.”

Msuluhishi akaitikia kwa kichwa.

“Baba fulani,” Bi Ganzi alisema, maana hakutaka kumwita jina, “nyumba ya mlango wa nne uliinunua wewe?”

“Unajua ni mimi.”

“Na themanini ndiyo bei yake. Bei ya haki.”

Vigae alimtazama wakili wake. “Ndivyo hati inavyosema.”

“Basi mimi nainunua.” Alifungua mkoba wake, akatoa kalamu, akaiweka mezani kwa upole kama anayemwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi. “Kwa tisini. Faida ya kumi hiyo, na hujafanya lolote. Wewe unataka nichukue arobaini na tano kwa nusu yangu. Sawa, baki nazo, nakuachia nyumba yetu yote. Inayobaki arobaini na tano nitakopa. Msuluhishi yupo, mawakili wapo. Tuandike sasa hivi.”

Vigae aliisukuma kalamu irudi upande wa Bi Ganzi.

Nyuma, kwenye kiti cha ukutani, mke mpya alisema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia: “Tisini? Nyumba yangu?”

“Nyamaza kwanza,” Vigae alisema bila kugeuka.

“Kwani si ulitoa mia na—”

“Nimesema nyamaza.”

Msuluhishi alivua miwani, ikaning’inia kifuani. “Mama, hapa hatuuzi nyumba ya mlango wa nne,” alimwambia Bi Ganzi, “na ofa yako si ushahidi.” Lakini uso wake ulikuwa umelainika pembeni. Akamgeukia mthamini. “Wewe unasemaje?”

“Nasema nilipaswa kuuliza,” mthamini alisema. Alimgeukia Vigae kwa adabu yake ile ile. “Mzee, nikiitumia nyumba hii lazima nithibitishe bei kwa mhusika. Nitaandika kwenye ripoti kwamba nimekuuliza na umejibu nini. Je, ulilipa milioni themanini, na hakuna hela nyingine iliyolipwa pembeni?”

Ukifikiria vizuri, swali lile halikuwa na jibu. Akisema ndiyo, ameweka uongo wake kwenye ripoti inayokwenda mahakamani, na mkewe yuko nyuma yake na mdomo usiofungika. Akisema hapana, amejichoma mwenyewe kwa watu wa kodi. Wakili wake alimvuta mkono wa shati. Wakanong’onezana. Kisha wakili akasafisha koo.

“Upande wetu unaomba nyumba ya mlango wa nne isitumike.”

“Nyie wenyewe?” msuluhishi aliuliza. “Iliyo bora kuliko zote?”

“Isitumike, mheshimiwa.”

Bi Ganzi aliirudisha kalamu mkobani. Baadaye alimwambia kaka yake kwamba amewahi kula vitu vingi vitamu maishani, lakini hakuna kilichowahi kumteremka kooni kama lile neno “isitumike.”

Mthamini akachukua nyumba zilizobaki. Hapa Bi Ganzi naye alionja chungu kidogo. Ile ya barabara kuu, kipenzi chake, ilikataliwa: mnunuzi aliitaka kwa maduka, si kwa kuishi, na aliyenunua kwa ajili ya maduka hulipa bei ya maduka. Ya daktari ilikubaliwa, lakini mthamini akaipunguza, maana ina kisima na mtaa wake una lami. Ya rubani ilifanana zaidi, ila ni kubwa, basi akatafuta bei yake kwa kila mita ya mraba. Akaongeza na moja aliyoitafuta mwenyewe baada ya kikao, kwa kupiga simu kwa muuzaji na mnunuzi wote wawili. Ripoti mpya ilitoka: milioni mia na arobaini.

“Nilitaka mia na sitini,” Bi Ganzi alimwambia wakili.

“Na mimi nilitaka kuwa mwembamba,” wakili alisema. “Saini hapa.”

* * *

Vigae alipewa miezi mitatu atoe sabini. Alikuwa amejipanga kwa arobaini na tano.

Wakili alimweleza Bi Ganzi yatakayofuata, kwa sauti yake ile ya kunong’ona, kama anamsomea mtoto hadithi. Hela za Vigae zimelala kwenye makontena ya vigae. Benki imeshamkopesha mpaka shingoni. Ili abaki na nyumba kubwa itabidi auze ya mlango wa nne. Na kwa muda mfupi ule mnunuzi wa taslimu, atakayekubali kuandika nusu, si rahisi kupatikana. Atakuja mwenye mkopo. Bei itaandikwa kamili.

“Sasa kwenye karatasi,” wakili alisema, “alinunua themanini, anauza mia na hamsini na kitu. Faida imekaa wazi kama kidonda. Na faida ina kodi yake.”

“Lakini kweli hakupata faida. Alitoa mia na hamsini.”

“Akawaambie hivyo.”

Bi Ganzi alicheka hadi akashika meza. Hawakuhitaji kumchoma. Alikuwa amejiwashia mwenyewe kibiriti siku ile alipoandika themanini, na tangu hapo alikuwa akitembea nacho mfukoni.

Wiki chache kabla ya muda kwisha, Vigae alikuja kliniki. Hakuwa na jino bovu. Alisimama mbele ya kaunta na kofia mkononi, akiwa amepungua mashavu.

“Nina maneno mawili tu.”

“Una kadi?”

“Sikuja kwa daktari.”

“Hapa ni kwa wenye kadi.” Akamwandikia moja, jina lake kamili, kwa mwandiko mzuri. “Kaa kwenye benchi. Utaitwa.”

Alikaa. Watu waliingia na kutoka wakishika mashavu. Mama mmoja alimwomba amshikie mtoto, akamshika. Kila alipoinuka, Bi Ganzi alisema “bado” bila kunyanyua macho. Msaidizi alipoanza kupiga deki ndipo akamwita.

“Sema.”

“Nikupe arobaini na tano sasa, nyingine kidogo kidogo. Mwaka mmoja. Ukikubali, sitauza ile nyumba.” Aliikunja kofia yake. “Mwenzangu ameapa hawezi kuishi kwenye nyumba uliyoishi wewe. Tumekula chumvi pamoja miaka yote ile. Nihurumie.”

Angeweza kukubali. Wakili alishamwambia kwamba ingewezekana, kwa maandishi na dhamana, na asingepoteza hata senti. Alijua hilo wakati ule, akimtazama yule mtu ambaye zamani yeye ndiye aliyempigia pasi mashati. Kwa kitambo kidogo, anasema, alikaribia kukubali. Kisha akamwona akiangalia saa.

“Muda wa kliniki umekwisha,” alisema, akavuta kioo cha kaunta.

Nyumba ya mlango wa nne iliuzwa. Sabini zikalipwa siku ya mwisho. Mke mpya akahamia nyumba ya zamani, akapika kwenye jiko lililochaguliwa na mwingine, na mtaa ukamwona dirishani akiwa amenuna hadi pazia likaonekana lina furaha. Watu wa kodi wakaja na barua yao, na Vigae akaenda kuwaeleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama, maana ili akane faida ilibidi akiri uongo. Makontena mawili ya vigae yaliuzwa kwa hasara.

Bi Ganzi alinunua nyumba ndogo yenye vyumba viwili, dari kote, na mkwaju wa jirani unaomwagia majani yake uani. Aliandika bei kamili kwenye hati. Karani wa ofisi ya ardhi alimuuliza kama ana uhakika.

Binti wa kaka yake sasa yuko kidato cha tatu. Humtembelea likizo, wanakaa kibarazani na kumenya njugu. Jioni moja Vigae alipita barabarani kwa miguu, gari lilishauzwa, akawaamkia kutoka mbali, na Bi Ganzi akaitikia vizuri tu. Msichana alingoja apotee kwenye kona, ndipo akamkumbusha lile swali la jikoni, hela zote na yeye acheke, au nusu na yeye alie. Sasa mambo yamekwisha, alisema, unaweza kunijibu.

Bi Ganzi alipuliza maganda kutoka kiganjani.

“Nusu,” alisema. “Ningechukua nusu, nikarudi kulala chumba kile cha baba yako na joto lake lile, mradi nisikie analia. Usimwambie baba yako, anadhani nilitaka nyumba.”